Bima ya simu: unalipia nini ukifika mwezi wa 20?

Swali lenyewe huja mwishoni, simu ikiwa imeshatolewa kwenye boksi na pesa imeshahesabiwa. Muuzaji anauliza kama vile anauliza mfuko: "Tuiwekee na bima? Ni kiasi kidogo tu kwa mwezi." Ukilinganisha na pesa uliyoitoa dakika moja kabla, kweli ni kidogo. Wengi huitikia hapohapo. Wengine hukataa hapohapo, na kwa sababu dhaifu vilevile: wamesikia kwamba kampuni za bima hazilipi.

Mimi nimewahi kuwa katika makundi yote mawili. Nilipokaa chini na kalamu ndipo nikagundua kwamba swali la "bima inafaa au haifai" limekosewa tangu mwanzo. Bima ileile inaweza kuwa na maana mwezi wa tatu, kisha ikawa hasara tupu mwezi wa 20, bila neno hata moja la mkataba kubadilika. Kinachobadilika ni simu. Inazeeka mfukoni mwako, na ada inabaki palepale.

Namba zinazoamua jambo hili ni tatu. Ya kwanza ni ada ya bima, yaani kile unachokatwa kila mwezi au kila mwaka. Ya pili ni ekses, kiasi unachotoa wewe mwenyewe kila unapodai fidia, kabla kampuni haijatoa chake. Ya tatu ni gharama ya kurudisha ulichopoteza: bei ya kubadilisha kioo, au ya kupata simu nyingine kama ile. Muuzaji hutaja ya kwanza tu. Ya pili iko ndani ya mkataba. Ya tatu haiko popote, kwa sababu inashuka kila mwezi na lazima uitafute mwenyewe.

Hiyo ya tatu ndiyo inayokosewa zaidi. Mtu aliyenunua simu mpya huendelea kuibeba kichwani kwa bei aliyoinunulia. Simu ikiibiwa baada ya mwaka na nusu, husema amepoteza pesa yote ile. Ukweli ni kwamba alipoteza simu ya mwaka na nusu, na simu ya mwaka na nusu ina bei yake sokoni. Kampuni ya bima inalijua hilo kuliko yeye. Mikataba mingi haiahidi simu mpya. Inaahidi simu ya aina ileile au inayolingana nayo, ambayo mara nyingi ni iliyotumika na kukarabatiwa, au inalipa pesa baada ya kutoa uchakavu. Kwa hiyo ukitaka kujua bima yako inalinda nini leo, tafuta simu kama yako, iliyotumika muda kama yako, inauzwa ngapi leo. Risiti ya siku ya ununuzi haina kazi katika hesabu hii.

Simu ya mafungu 100

Tuigawe bei ya simu mpya katika mafungu 100, ili hesabu ifanye kazi kwa simu yoyote na sarafu yoyote. Ada ya mwezi iwe mafungu 1.2, yaani 14.4 kwa mwaka. Ekses iwe 10 kwa simu iliyoharibika na 20 kwa iliyoibiwa, maana mikataba mingi hutoza zaidi kwa wizi. Kubadilisha kioo kwa fundi anayetambuliwa na mtengenezaji kugharimu 25. Thamani ya simu yenyewe ishuke hivi: 75 baada ya miezi sita, 60 baada ya mwaka, 48 baada ya mwaka na nusu, 40 baada ya miaka miwili. Hizi ni namba za mfano. Zako utaziweka mwenyewe, ila njia ya kuhesabu haibadiliki.

Tuanze na kioo, kwa kuwa ndilo jambo linalowatokea wengi. Simu imeanguka kifudifudi mwezi wa 14. Ukiiinua, ule mstari mmoja wa ufa unaanzia kwenye kona na kutawanyika kama mizizi. Hadi siku hiyo umeshalipa ada ya mafungu 16.8. Unadai, unaweka ekses ya 10, simu inatengenezwa. Jumla imekutoka 26.8 kwa kazi ambayo ungelipa 25 taslimu bila kujaza fomu yoyote. Na hapo hatujahesabu ada za miezi kumi iliyobaki, kama unaendelea nayo hadi mwaka wa pili uishe. Ukizihesabu, kioo kimoja ndani ya miaka miwili kimekugharimu 38.8.

Basi tuseme kioo kimepasuka mara mbili katika miaka hiyo miwili. Ada zote ni 28.8, ekses mbili ni 20, jumla 48.8. Bila bima ungelipa 50. Umeokoa fungu moja na kidogo, kwa kuvunja simu mara mbili.

Kuna jambo jingine kuhusu kioo ambalo hesabu hiyo imelificha. Nimechukua bei ya fundi anayetambuliwa na mtengenezaji kwa sababu ndiyo kazi ambayo bima nzuri hulipia. Mtu anayekubali kioo kisicho cha asili, kile mafundi wanachokiita kopi, hulipa chini ya hapo. Rangi zake huwa zimepauka kidogo na mwanga wake hauzidi sana ukiwa juani, lakini wapo wanaoridhika nacho. Kama wewe ni wa kundi hilo, gharama yako halisi ya kioo si 25 tena. Huenda ni 12 au 13, na ekses peke yake inakaribia kuimeza yote.

Sasa wizi. Simu ikiibiwa mwezi wa sita, umeshalipa ada ya 7.2, unaweka ekses ya 20, unapata simu yenye thamani ya 75. Umetoa 27.2 ukapata 75. Hapa bima imefanya kazi yake, na anayekwambia bima za simu zote ni utapeli hajawahi kuibiwa simu mpya.

Isogeze siku hiyohiyo ya wizi hadi mwezi wa 20. Ada iliyokutoka ni 24, ekses ni 20 ileile, jumla 44. Simu unayopewa, kwa bei ya soko ya wakati huo, ina thamani ya 45 hivi. Umepata fungu moja. Mwizi ni yuleyule na mkataba ni uleule. Tofauti ni miezi 14.

Ndiyo maana nasema ada ndogo ya mwezi inapotosha. Kinachonunuliwa kwa ada hiyo ni ile nafasi iliyo kati ya thamani ya simu na ekses. Siku ya kwanza, nafasi hiyo katika mfano wetu ni 80. Mwaka ukitimia ni 40. Miaka miwili ikitimia ni 20. Unalipa bei ileile kwa kitu kinachopungua, kama mtu anayelipia debe zima na kupimiwa robo debe.

Ungepaswa kuibiwa mara ngapi?

Watu hubishana kuhusu bima kwa mifano: huyu aliibiwa akalipwa, yule alilipa miaka mitatu asidai hata mara moja. Mifano hiyo haimalizi ubishi, kwa sababu ukishajua kilichotokea, ni rahisi kusema ulipaswa kufanya nini. Unachohitaji kabla ya kulipa ni uwezekano: tukio litokee mara ngapi ndipo ada irudi? Hesabu yake ni fupi.

```
p = A / (T - E)
```

A ni ada ya mwaka, T ni thamani ya kinachorudishwa kwa bei ya leo, E ni ekses. Jibu, p, ni uwezekano unaohitajika kwa mwaka ili usipate wala usikose.

Kwa wizi katika mwaka wa kwanza, tuchukue thamani ya katikati ya mwaka, 75. Toa ekses ya 20, inabaki 55. Gawanya 14.4 kwa 55, unapata 0.26. Maana yake, ungepaswa kupoteza simu takriban mara moja kila miaka minne. Mwaka wa pili, thamani ya katikati ni 48, ukitoa ekses inabaki 28, na 14.4 kwa 28 ni 0.51. Sasa unatakiwa kuibiwa mwaka mmoja katika kila miwili. Kwa kioo, 25 ukitoa 10 ni 15, na 14.4 kwa 15 ni 0.96. Yaani bima hiyo, kama ungeichukua kwa ajili ya kioo tu, inakutaka uvunje kioo karibu kila mwaka.

Mtu atasema, na ana haki, kwamba bima hailindi jambo moja. Inalinda wizi na kioo kwa pamoja, kwa hiyo tuyajumlishe. Chukua mtu mwangalifu wa wastani: wizi mara moja katika miaka kumi, kioo mara moja katika miaka mitatu. Mwaka wa kwanza, wizi unampa wastani wa 5.5, kioo kinampa 5, jumla 10.5, dhidi ya ada ya 14.4. Mwaka wa pili jumla inashuka hadi 7.8. Bima inamlaza chini miaka yote miwili.

Chukua mwingine ambaye simu haikai mkononi mwake: anaibiwa mara moja katika miaka mitano na kuvunja kioo mwaka mmoja katika kila miwili. Mwaka wa kwanza anapata wastani wa 11 kwa wizi na 7.5 kwa kioo, jumla 18.5. Huyo alipe tu, tena bila kusita. Lakini hata yeye, mwaka wa pili, jumla yake ni 13.1. Ada imempita.

Hilo la mwisho lilinishangaza nilipolihesabu mara ya kwanza, nikarudia nikidhani nimekosea kutoa. Nilitegemea kwamba mtu asiye mwangalifu anafaa kuwa na bima muda wote. Kumbe hata yeye anafaa kuwa nayo kwa muda tu.

Na wewe uko wapi kati ya hao wawili? Usijikadirie kwa hisia, maana kila mtu hujiona mwangalifu. Hesabu simu zako za miaka kumi iliyopita. Ngapi ziliibiwa au zilizama? Vioo vingapi ulibadilisha? Yangu ni wizi mmoja na vioo vitatu, na kati ya hivyo vitatu viwili vilivunjwa na mwanangu, jambo ambalo kwa bima ni hadithi nyingine, kwa sababu baadhi ya mikataba huuliza nani alikuwa ameishika.

Hakuna ajabu kwamba hesabu huangukia upande wa kampuni. Ada zinazokusanywa lazima zilipe madai, mishahara, kodi, na kamisheni ya yule aliyekuuliza swali dukani. Fidia inayorudi kwa wateja wote kwa jumla ni lazima iwe ndogo kuliko walichochanga. Hiyo ndiyo bima ya kitu chochote. Tofauti ya simu na nyumba ni kwamba nyumba ikiungua watu wengi hawawezi kuijenga tena, kwa hiyo wanakubali kulipa zaidi ya wastani ili wasiangamie. Simu ikipotea, wengi wanaumia kisha wananunua nyingine.

Ekses ina sura zaidi ya moja

Nilipokuwa nikisoma mikataba nililinganisha miwili iliyoandika "asilimia 10" kwa ekses, nikadhani ni sawa. Haikuwa sawa. Mmoja ulimaanisha asilimia 10 ya gharama ya dai. Mwingine ulimaanisha asilimia 10 ya thamani iliyokatiwa bima, yaani ya simu nzima. Kwa kioo cha 25, mkataba wa kwanza unakutoza 2.5, wa pili unakutoza 10. Kwa maneno yaleyale, mmoja ni mara nne ya mwenzake. Tena wapo wanaoongeza kipande cha mwisho: asilimia fulani au kiasi fulani, chochote kilicho kikubwa. Kwenye madai madogo, hicho kiasi ndicho kinachotawala, na asilimia iliyoandikwa kwa herufi kubwa haitumiki kabisa.

Angalia pia kama ekses inapanda kwa dai la pili ndani ya mwaka mmoja, na kama madai yana kikomo. Apple, kwa mfano, katika mpango wake wa AppleCare+ hutenganisha kioo, uharibifu mwingine, na wizi au upotevu, na ekses ya kioo iko chini sana kuliko ya wizi. Muundo wa namna hiyo unabadilisha jibu. Ekses ya kioo ikiwa mafungu 3 badala ya 10, kioo cha 25 kinarudisha 22, na uwezekano unaohitajika unashuka kutoka 0.96 hadi 0.65. Bado ni mkubwa, ila mtu anayevunja vioo kila mara anaweza kuufikia.

Kuna swali lingine la kujibu kabla ya hesabu yote: je, hujalipia ulinzi huo mahali pengine? Baadhi ya akaunti za benki, kadi na bima za vitu vya nyumbani huwa zimeibeba simu ndani yake. Mwaka 2019 mamlaka ya fedha ya Uingereza, FCA, iliitoza Carphone Warehouse faini ya zaidi ya pauni milioni 29 kwa jinsi ilivyouza bima ya simu iliyoitwa Geek Squad. Moja ya makosa yaliyotajwa ni kwamba wauzaji hawakufundishwa ipasavyo kupima kama mteja anaihitaji bima hiyo, wakati wengine walikuwa tayari na ulinzi kupitia bima ya nyumba au akaunti ya benki. Waranti ya mtengenezaji haihesabiki hapa, lakini. Hiyo inahusu simu iliyotoka kiwandani na kasoro. Ukiiangusha, ni juu yako.

Pale dai linapokwama

Hesabu zote za juu zimechukulia kwamba ukidai unalipwa. Sasa tuone kinachotokea dai likikataliwa, kwa sababu dai lililokataliwa huifanya T kuwa sifuri na ada ikabaki.

Binamu yangu aliiweka simu yake mezani, akageuka kumsaidia mtoto kuvaa viatu, akarudi haipo. Alikuwa na bima yenye wizi ndani yake, ameilipa miezi minane bila kuchelewa. Kwenye fomu aliandika ukweli: "Niliiacha mezani kama dakika moja." Jibu lilikuja baada ya wiki. Mkataba wake ulilinda wizi wa kutumia nguvu au wa kuvunja mahali palipofungwa, na ukaondoa simu iliyoachwa bila mwangalizi. Dakika moja ya viatu ilitosha kuwa "bila mwangalizi". Alikasirika, na mimi nilikasirika naye, lakini maneno yalikuwepo, ukurasa wa nne. Wizi wanaoujua watu wengi, ule wa kugeuka na kukuta meza tupu, haukuwa ndani ya bima yake tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo ukiusoma mkataba, anzia kwenye sehemu ya yasiyolindwa, na utafute jambo moja: wizi umeelezwaje? Kama unatakiwa kuwa wa nguvu, jiulize, kati ya simu unazozijua zilizoibiwa, ni sehemu gani iliibiwa kwa nguvu. Uwezekano uliouweka kwenye hesabu uzidishe kwa sehemu hiyo. Kama mkataba haulindi upotevu, basi simu uliyoisahau kwenye gari nayo itoe.

Kukwama kwingine ni kwa mpangilio wa mambo. Simu ikiharibika, mkono wa kwanza wa wengi ni kwa fundi wa karibu: "Hebu ifungue tuone." Akishaifungua, kampuni ina sababu ya kusema haiwezi tena kujua kilichoharibika kabla na kilichoharibika mezani kwa fundi. Ripoti dai kwanza, fundi baadaye, tena fundi wa kwao. Kwa wizi, mikataba mingi hudai ufunge laini na utoe taarifa polisi ndani ya muda mfupi, mara nyingi saa 24 au 48, na taarifa hiyo iwe na namba ya IMEI. Namba hiyo ni vigumu kuipata ukiwa umeshaibiwa, kama huna boksi au risiti. Ukiwa na simu mkononi sasa, piga `*#06#`, iandike mahali pengine, na ulinganishe na iliyo kwenye cheti cha bima. Tarakimu moja ikikosewa na mwandikaji dukani, simu iliyo na bima si yako. Apple nayo hudai kwamba kwa fidia ya wizi au upotevu, huduma yake ya kutafuta simu, `Find My`, iwe imewashwa siku simu ilipopotea na ibaki imewashwa dai likishughulikiwa. Mtu anayeitoa simu kwenye akaunti yake kwa hofu, akidhani anamkomoa mwizi, amejikomoa mwenyewe.

Maji nayo yana ushahidi wake. Simu nyingi zina kipande kidogo cheupe ndani ya tundu la laini ambacho hugeuka chekundu kikiguswa na maji. Chomoa kitrei cha laini, mulika kwa tochi, utakiona. Fundi wa bima hukiangalia kabla ya kukusikiliza. Kama unanunua simu iliyotumika na unataka kuikatia bima, kiangalie wewe kwanza, maana uharibifu uliokuwepo kabla ya mkataba haulipwi, na kipande chekundu ni vigumu kubishana nacho.

Lini kulipa, lini kuacha

Kuna watu ambao ningewaambia walipe hata kama p haiwapendelei. Mtu anayefanya kazi zake zote kwa simu na hana akiba ya kununua nyingine kesho, huyo hanunui wastani, ananunua kesho. Vivyo hivyo aliyeichukua simu kwa mkopo wa kulipa kidogokidogo. Simu ikiibiwa mwezi wa tatu, deni la miezi iliyobaki linaendelea, na simu ya pili italazimika kununuliwa juu ya deni la ile isiyokuwepo. Kwao, mwaka wa kwanza una maana.

Njia ya pili ni kujilipia bima mwenyewe: zile 1.2 za kila mwezi ziende kwenye akiba ambayo haiguswi ila kwa simu. Baada ya miaka miwili bila tukio una 28.8, karibu theluthi ya simu mpya, nazo ni zako. Udhaifu wake uko mwanzoni. Simu ikiibiwa mwezi wa pili, akiba ina 2.4. Ukiziweka njia hizi mbili pamoja, zinapokezana vizuri: bima ina nguvu pale akiba ilipo tupu, na akiba inakua pale bima inapopungua.

Kipimo ninachotumia ni hiki. Nachukua thamani ya simu leo, natoa ekses ya wizi, nagawanya kwa ada ya mwaka. Jibu likiwa chini ya 3, nakatisha. Katika mfano wetu, siku ya kwanza ni 80 kwa 14.4, zaidi ya 5. Miezi 12 ikitimia ni 40 kwa 14.4, chini kidogo ya 3. Tatu si namba takatifu. Maana yake tu ni kwamba chini ya hapo ningehitaji kupoteza simu mara nyingi zaidi ya mara moja katika miaka mitatu, na historia yangu haisemi hivyo. Yako ikisema hivyo, weka 2.

Kukatisha kwenyewe kuna ugumu mmoja: hakuna anayekukumbusha. Ada ya kila mwezi hukatwa yenyewe, na mikataba mingi hujiendeleza mwaka ukiisha bila kukuuliza. Siku ya kununua simu, weka kikumbusho cha mwezi wa 11, na uandike humo namba ya mkataba na mahali pa kutuma ombi la kusitisha. Kama uliikubali bima dukani kwa haraka, angalia pia siku za mwanzo, mara nyingi 14, ambazo unaweza kughairi na kurudishiwa pesa.

Mimi kikumbusho nilikiweka kwa kuchelewa. Nilikigundua kile kiasi kwenye taarifa ya akaunti nikitafuta kitu kingine, nikakifuatilia hadi kwenye mkataba wa simu niliyomwachia mdogo wangu zamani. Nikampigia. Akaniambia simu ile ilishakufa betri, ipo kwenye droo, na kwamba kama naitaka anaweza kuitafuta.